Ukiletewa Picha ya Meseji Yenye Mashaka, Anzia Pembeni

Kwenye magrupu ya familia ya WhatsApp picha za skrini huletwa kila wiki, na chini yake swali lile lile: "Jamani, hii ni ya kweli?" Majibu hayakawii. Mmoja anasema nembo ni ile ile anayoijua, mwingine anasema Kiswahili chake kimenyooka, kwa hiyo haina shida. Wote wawili wametazama katikati ya picha, na katikati ni mali ya aliyeituma. Nembo inanakiliwa kwa dakika moja, na maneno mazuri yanaweza kuandikwa na yeyote. Mambo yanayomsumbua tapeli yako pembeni: jina au namba ya mtumaji, na anwani ya tovuti. Hayo huonyeshwa na simu yenyewe, na nafasi yake ya kuyachezea ni ndogo zaidi.

Tuchukue mfano mmoja tuupitie. Nimeutunga kwa kufuata meseji za vifurushi zilizozunguka katika nchi nyingi. Picha ya kwanza ni meseji iliyotoka kwenye namba inayoanza na +63:

"POSTA: Kifurushi chako kimefika ghalani ila anwani haijakamilika. Hakiki ndani ya saa 12 la sivyo kitarudishwa. Jibu Y, funga meseji, kisha uifungue tena ili linki ifanye kazi."

Chini yake kuna linki hii:

```
https://posta.co.tz-kifurushi.example/hakiki
```

Tuanze na mtumaji. +63 ni Ufilipino, na posta ya Tanzania haina sababu ya kukuandikia kwa laini ya huko. Hilo ni jepesi. Gumu ni pale juu panapoandikwa jina badala ya namba, kwa sababu jina la mtumaji wa meseji linaweza kughushiwa. Simu hupanga meseji kwa kufuata jina hilo, kwa hiyo ya tapeli inaweza kukaa chini ya meseji halali za benki yako, katika mazungumzo yale yale. Namba ya ajabu basi inatosha kukufanya ukatae, lakini jina zuri halitoshi kukufanya ukubali.

Sasa lile ombi la kujibu Y. Watu wengi hulipita, nami naliona kuwa ndilo lenye kumfichua mwandishi kuliko yote. iPhone huzima linki zinazotoka kwa mtu usiyemhifadhi na ambaye hujawahi kumjibu. Ukimjibu hata herufi moja, linki inawaka. Anayekuomba ujibu Y anataka umsaidie kufungua mlango ambao simu yako imeufunga kwa ajili ya kukulinda. Sioni shirika halali lenye haja ya kukuomba hivyo.

Twende kwenye linki. Macho yetu husoma kutoka kushoto, yakikutana na "posta.co.tz" yanatulia. Mwenye tovuti hajulikani kwa kusoma hivyo. Ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Sehemu iliyogusana na mkwaju huo ndiyo yenye mwenyewe. Hapa utapata "example", kisha nukta, kisha "tz-kifurushi". Basi tovuti ni tz-kifurushi.example, na mwenye nayo ni huyo aliyeisajili. (Nimetumia "example" kwa sababu ni mwisho uliotengwa kwa ajili ya mifano; kwenye picha halisi utakuta .com, .top au nyingineyo.) Yale ya kushoto kwake, "posta.co", ni mapambo. Mwenye tovuti anaweza kuweka mbele ya jina lake neno lolote alipendalo, bila kumwomba mtu ruhusa.

Tazama kilichofanya kazi hapo ni kistari kidogo kati ya tz na kifurushi. Kingekuwa mkwaju, tovuti ingekuwa ya posta.co.tz kweli. Kwa kuwa ni kistari, tz imeunganishwa na kifurushi na kuwa neno moja la mtu mwingine. Kwa hiyo ikuze picha mpaka alama moja moja ionekane. Kwa anwani za Tanzania hesabu vipande vitatu kutoka mwisho, si viwili, kwa kuwa co.tz na go.tz huenda pamoja. Na go.tz hupewa taasisi za serikali tu, hivyo ikiwa mwishoni kabisa, kabla ya mkwaju, ina uzito. Ikiwa katikati haina maana yoyote.

Picha ya pili ni ukurasa uliofunguka. Rangi ni za posta, nembo ipo, na pembeni ya anwani kuna alama ya kufuli. Kufuli hiyo imewadanganya wengi. Maana yake ni kwamba unachoandika kinasafiri kwa siri hadi kwenye tovuti hiyo, hata kama tovuti ni ya mwizi. Kibali chake hupatikana bure. Mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani, kwa sababu watu waliichukulia kuwa ni muhuri wa uaminifu.

Ukurasa unasema: ingia ulipe Tsh 1,500. Unaomba namba ya simu na PIN ya pesa ya simu. Kiasi ni kidogo makusudi, ili usione taabu. Lakini PIN hiyo unaiandika kwenye menyu ya simu yako, kwenye app ya mtandao wako, au kwenye kidirisha kinachojitokeza unapothibitisha malipo. Ukurasa wa tovuti ya kifurushi hauna kazi nayo. Jiulize pia kama uliwahi kufungua akaunti hapo unapoambiwa "ingia".

Ukijaza, ukurasa wa tatu utaomba tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako. Wakati huo tapeli anajaribu kufungua app ya pesa ya simu yako kwenye simu yake, na mtandao umekutumia namba ya uthibitisho. Meseji hiyo ni ya kweli, na mara nyingi inaeleza ni ya kazi gani au inaonya usimpe mtu. Watu hunakili tarakimu na kuacha maneno. Soma maneno kwanza.

Picha ya skrini ina mipaka yake. Simu hukata anwani ndefu, na huenda sehemu uliyoihitaji ndiyo iliyokatwa. Kitufe cha "Bofya hapa" hakionyeshi kinapeleka wapi. Zipo pia herufi za Kisirili zinazofanana kabisa na zetu: mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina lililoonekana kwenye baadhi ya vivinjari kama apple.com, na jicho lisingeweza kutofautisha. Ndiyo maana picha inaweza kuthibitisha utapeli, lakini haiwezi kuthibitisha usalama. Kama anwani inaonekana sawa, funga meseji, andika mwenyewe anwani unayoijua au fungua app, uone kama hilo dai lipo.

Unapoomba msaada, tuma picha nzima bila kukata juu wala chini, ila funika tarakimu za uthibitisho kama zipo. Tanzania, meseji ya kitapeli hutumwa kwenda 15040. Kenya, wateja wa Safaricom huituma 333. Aliyekwisha kujaza PIN aibadilishe papo hapo kupitia menyu ya simu, kisha apige 100 kwa mtandao wake Tanzania, aombe akaunti izuiwe. Asipige namba yoyote iliyoandikwa kwenye meseji hiyo.