Kwa nini ganda la risasi ya SMG lina mabega na la bastola halina

Na Mwandishi Wetu

MAGANDA ya risasi ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo polisi huokota mahali palipofyatuliwa bunduki. Mara nyingi taarifa za matukio hayo husema kwamba yalikuwa ya SMG au ya bastola, na msomaji hubaki akijiuliza ni vipi kipande kitupu cha chuma kinaweza kutambuliwa kwa kutazamwa tu.

Jibu limo katika umbo lake. Ganda la bastola ya milimita 9 ni kama kikopo kidogo chenye ubavu ulionyooka kuanzia kitako hadi mdomoni. Ganda la bunduki ya AK-47, ambayo hapa kwetu huitwa SMG, linafanana na chupa. Lina mwili mpana, kisha mabega yanayoteremka, na juu yake shingo nyembamba inayoshika kichwa cha risasi.

Tofauti hiyo si urembo wa kiwandani. Ili kuielewa, inafaa kuzilinganisha risasi hizo mbili zilivyo.

Vichwa vya risasi hizo, yaani vipande vinavyoruka kuelekea shabaha, vina uzito unaokaribiana, takriban gramu 8 kila kimoja. Hata hivyo, cha bastola hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 360 hivi kwa sekunde, na cha AK-47 kwa mita 715 hivi. Kwa kuwa nguvu ya kitu kinachoruka huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, kichwa chenye mwendo maradufu hubeba nguvu karibu mara nne: jouli 2,000 dhidi ya 500.

Nguvu hiyo hutoka katika baruti. Risasi ya bastola huridhika na chini ya nusu gramu, ilhali ya AK-47 huhitaji takriban gramu 1.6. Hapo ndipo swali la umbo linapoanza, kwa kuwa baruti yote hiyo lazima ikae nyuma ya kichwa chenye upana usiofika milimita 8.

Tuseme fundi angeamua kutengeneza ganda lililonyooka kwa kichwa hicho. Ujazo wa ndani unaohitajika ni takriban sentimita za ujazo 2.3. Ukiugawa kwa eneo la duara la kichwa, kisha ukaongeza unene wa kitako, unapata ganda la urefu wa milimita 51 hivi. Ganda halisi lina milimita 39 tu. Kwa hiyo kila risasi ingerefuka kwa zaidi ya sentimita moja, magazini ingekuwa pana zaidi, na sehemu za bunduki zinazokwenda mbele na nyuma zingelazimika kusafiri mbali zaidi kila risasi inapolishwa.

Mabega huondoa tatizo hilo. Mwili wa ganda unapanuliwa hadi zaidi ya milimita 11 ili ubebe baruti, kisha unabanwa ghafla hadi kufikia kipimo cha kichwa.

Bastola haina haja hiyo. Mtutu wake una urefu wa sentimita 10 au 12 tu, ilhali wa AK-47 unazidi 41. Kichwa huutoka mtutu mfupi mapema mno, na baruti nyingi inayowaka polepole ingemalizikia nje, ikitoa mwako na kishindo bila kukisukuma. Kwa hiyo ganda fupi lililonyooka linatosha, na pia ni rahisi zaidi kutengeneza.

Kazi ya pili ya mabega haionekani kwa macho. Risasi inapoingia katika chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayoipokea, ni lazima kuwe na kitu kinachoizuia isizame kupita kiasi. Katika AK-47 mabega ya ganda hugota kwenye mabega ya chemba. Katika bastola ya milimita 9 ni ukingo wa mdomo wa ganda unaogota kwenye ngazi ndogo iliyochongwa ndani. Ndiyo maana mdomo huo haukunjwi kwa ndani kwa nguvu. Ukikunjwa mno, risasi hukosa pa kuegemea.

Nafasi hiyo hupimwa kwa sehemu za kumi na za mia za milimita, na ikizidi huwa hatari. Iwapo chemba imechakaa, au mabega yamesukumwa nyuma kuliko inavyopasa, pini ya bunduki huisukuma risasi mbele kabla haijalipuka. Kisha shinikizo huligandamanisha sehemu ya mbele ya ganda na kuta za chemba, huku kitako kikirudishwa nyuma kwa nguvu. Ganda hunyooka kama mpira na kuwa jembamba juu kidogo ya kitako. Likikatika hapo, gesi ya moto inaweza kumrudia mpigaji usoni.

Dalili ya mapema huonekana kwenye ganda lililokwisha kutumika: pete inayong'aa kuzunguka ubavu, karibu na kitako. Mafundi huingiza ndani waya uliopindwa nchani na kupapasa. Ukinasa katika mfereji mahali hapo, ganda limekwisha kulika.

Shingo nayo ina jukumu lake. Hukishika kichwa kwa kubana, ili kisitikisike magazinini, na hukielekeza katikati ya mtutu. Baruti inapowaka, shingo na sehemu ya mbele ya mwili, ambazo ni nyembamba kuliko kitako, hutanuka na kuziba chemba ili gesi isirudi nyuma. Kipimo cha juu cha shinikizo kwa risasi hiyo katika viwango vya Ulaya ni takriban mara 3,500 ya uzito wa hewa, dhidi ya 2,300 kwa milimita 9.

Iwapo masizi meusi yameteremka kupita shingo hadi mabegani na kwenye mwili, ni ishara kwamba kuziba huko kulichelewa au hakukukamilika. Katika maganda ya shaba iliyochanganywa na zinki, shingo iliyokuwa ngumu kupita kiasi hupasuka kwa urefu. Ndiyo sababu viwanda huipasha moto ili kuilainisha, na rangi ya moto huo huonekana kwenye risasi nyingi za kijeshi.

Mabega yasichanganywe na mteremko wa ubavu. Hata ganda la milimita 9 hupungua upana kidogo kuelekea mdomoni, chini ya theluthi moja ya milimita, ili lichomoke kwa urahisi. Mwili wa ganda la AK-47 hupungua kwa zaidi ya milimita moja kabla ya mabega kuanza. Risasi zake zikipangwa juu ya nyingine hufuata upinde, na ndiyo maana magazini ya bunduki hiyo imepinda.

Kwa wasomaji wa habari za matukio, lipo la kuzingatia. Katika lugha ya kijeshi jina SMG kwa kawaida ni la bunduki ya rashasha inayotumia risasi za bastola, mfano Uzi, na ganda lake halina mabega. Aidha, ganda la AK-47 linaingia pia katika bunduki ya SKS.

Umbo, basi, hutambulisha aina ya chemba. Kuitambua bunduki yenyewe hutegemea alama ambazo pini na ndoana ya kuchomolea huziacha kwenye kitako.