Betri Iliyokauka: Ifufuliwe au Ibadilishwe?

Betri ya sola ya volti 12 ikikaa wiki nyingi bila kujaa chaji, salfati ya risasi huganda juu ya plati zake. Maji yakipungua hadi plati zionekane, sehemu iliyo wazi huharibika upesi zaidi.

Fundi huongeza maji yaliyokenekwa, kamwe si asidi, hadi plati zifunikwe tu. Huichaji polepole hadi ijae, ndipo anapofikisha maji kwenye alama.

Kisha hupima kila seli kwa haidromita. Zote zikikaribia 1.265, betri imepona.

Lakini tano zikisoma 1.260 na moja ikabaki 1.150 hata baada ya kuchajiwa tena, seli hiyo imekufa. Hapo nunua betri nyingine. Ya zamani ipeleke kwa wanaorejeleza risasi.