Tangazo linapokula hela ghafla, au kupotea kabisa

Chukua duka la samani jijini Dar es Salaam linalotangaza Google kwa bajeti ya shilingi 40,000 kwa siku. Miezi yote mambo yametulia, kisha Jumanne moja matumizi yanafika 78,000. Mwenye duka anaona kaibiwa. Hajaibiwa: Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku, mradi mwezi mzima usivuke bajeti hiyo mara 30.4, yaani 1,216,000. Siku moja ya namna hiyo haina neno. Ikiendelea siku ya tatu na ya nne, hapo kuna jambo.

Kabla ya kugusa chochote, fungua Change history. Inaonyesha nani kabadili nini na saa ngapi, yakiwemo mapendekezo ambayo Google huyatekeleza yenyewe ikiwa uliwahi kuyaruhusu. Wengi hukimbilia kupunguza bajeti na kufuta maneno kwa mpigo. Wakimaliza, hakuna tena anayejua chanzo kilikuwa nini.

Kwa duka letu hakuna aliyebadili kitu kwenye akaunti. Ila safu ya Conversions imeruka kutoka oda 4 kwa siku hadi 90, wakati daftari la mauzo bado lina oda 4 zilezile. Fundi wa tovuti, alipokuwa akisafisha kurasa, aliweka msimbo wa kuhesabu oda kwenye kila ukurasa badala ya ule wa "Asante kwa oda yako" peke yake. Kila anayechungulia bei ya sofa anahesabiwa kanunua. Mfumo unaojipangia dau kwa kulenga gharama fulani ya kila oda ukaamini wanunuzi wamekuwa rahisi kupatikana, ukapandisha dau kwenye kila mnada.

Tiba ni kurudisha msimbo mahali pake, kisha kutumia Data exclusions ili mfumo usijifunze kutokana na siku zile za uongo. Pesa iliyokwishatumika hairudi.

Kosa hilohilo likigeuzwa huleta balaa la pili. Msimbo ukifutwa, oda zinasomeka sifuri, mfumo unashusha dau, na tangazo linaonekana mara chache zaidi kila siku hadi karibu lisionekane kabisa. Angalia namna lilivyopungua. Likididimia kwa siku kadhaa, shuku dau na hesabu ya oda. Kampeni zote zikizimika saa moja ileile, nenda kwanza kwenye malipo: kadi imekwisha muda au imekataliwa, au akaunti imesimamishwa. Ikizimika kampeni moja tu, tazama tarehe yake ya mwisho na kama tangazo limekataliwa.

Na usijitafute Google mara kwa mara kuhakikisha. Ukilitafuta tangazo lako bila kulibofya, Google inaweza kuacha kukuonyesha wewe, ukadhani limezimwa. Tumia Ad Preview and Diagnosis; inakwambia kama tangazo linaonekana, na kama halionekani, kwa nini.