Jaribio la Mradi Lina Thamani Gani?

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom zilianza kuijaribu M-Pesa nchini Kenya kwa wateja wapatao 500 wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo kwa simu. Lakini wateja waliitumia pia kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha ndiko kulikotangulizwa, mikopo ikawekwa kando.

Jaribio lile lilikuwa na faida kwa kuwa liligeuza uamuzi. Wachumi hupima thamani ya utafiti hivyo hivyo: mradi unatarajiwa kuingiza kiasi gani ukiamuliwa baada ya utafiti, ukilinganishwa na kuamuliwa bila utafiti?

Tuseme mfanyabiashara anataka kujenga kiwanda cha mtindi. Kwa makadirio yake, kati ya miradi 100 kama huo, 40 hufanikiwa na kila mmoja huleta faida ya shilingi milioni 100, na 60 huanguka kwa hasara ya milioni 50 kila mmoja. Akijenga bila kuuliza, wastani wa faida anayoitarajia ni milioni 10.

Sasa aanze kwa kuuza mtindi kidogo kwa miezi michache. Jaribio hilo husema kweli mara 80 katika kila 100. Kati ya miradi 40 mizuri, 32 itapewa ishara ya kuendelea. Kati ya 60 mibaya, 12 itapenya kimakosa. Akijenga panapotoka ishara nzuri tu, atavuna milioni 3,200 na kupoteza milioni 600 katika miradi 100, yaani wastani wa milioni 26 kwa mradi. Ongezeko ni milioni 16, na hiyo ndiyo thamani ya jaribio. Likigharimu milioni 5, linafaa. Likigharimu milioni 20, halifai.

Hesabu ingekuwa tofauti kabisa kama uwezekano wa kufanikiwa ungekuwa 80 kwa 100. Hapo hata ishara mbaya isingemzuia kujenga, kwa hiyo jaribio lingekuwa na thamani ya sifuri, hata kama lingefanywa kwa ustadi.

Udhaifu mkubwa huwa kwenye namna ya kukusanya majibu. Anayeonjeshwa mtindi bure na kuulizwa kama angeununua hujibu ndiyo kwa urahisi, mara nyingi kwa kumstahi muulizaji. Aliyetoa pesa mfukoni, kisha akarudi wiki inayofuata kununua tena, ameonyesha mahitaji ya kweli. Tofauti hiyo ina bei. Usahihi wa jaribio ukishuka kutoka 80 hadi 60 kwa 100, thamani yake katika mfano huu hushuka kutoka milioni 16 hadi milioni 2, chini ya gharama ya milioni 5 ya kulifanya.