Tangi la Darasani Lililozidi Bwawa

Swali ni la kawaida katika mazoezi ya hisabati ya shule ya msingi. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 50. Tafuta ujazo wake kwa mita za ujazo. Mwanafunzi anazidisha vizuri na kupata sentimita za ujazo 480,000. Anakumbuka kwamba mita moja ina sentimita 100, anagawanya kwa 100, anaandika mita za ujazo 4,800 na kupigia jibu mstari.

Maji hayo yangekaribia kujaza mabwawa mawili ya kuogelea ya Olimpiki, kwa kuwa bwawa lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 25 na kina cha mita 2 huchukua mita za ujazo 2,500. Tangi lenyewe halimfiki mtu mzima kiunoni.

Mtoto huyu hakukosea kuzidisha. Alichukua kanuni ya urefu akaipeleka kwenye ujazo. Jedwali la vipimo analokariri, kuanzia kilomita hadi milimita, hushuka kwa kumi kumi, na hufanya hivyo pia kwa gramu na lita. Lakini mchemraba wenye mita moja kila upande una safu 100 kwa urefu, 100 kwa upana na 100 kwa kina, yaani sentimita za ujazo 1,000,000. Jibu sahihi ni mita za ujazo 0.48, au lita 480.

Kosa hili lingeonekana kabla kalamu haijagusa karatasi, laiti angekadiria kwanza. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kwanza anajiuliza namba itaongezeka au itapungua: akienda kwenye kipimo kikubwa zaidi, namba lazima ipungue. Hapo ndipo wengi wanaozidisha badala ya kugawanya hunaswa. Kisha anakadiria kwa vipimo vya jibu lenyewe. Sentimita 120 ni kama mita moja, 80 nayo ni kama mita moja, na 50 ni nusu mita. Moja mara moja mara nusu ni nusu, basi jibu litakuwa karibu na nusu mita ya ujazo. Makadirio haya yaandikwe pembeni mwa swali kabla ya kukokotoa, kwa sababu anayekadiria baada ya kupata jibu huelekea kulitetea.

Mwisho analinganisha jibu na kitu anachokijua kwa mkono. Ndoo kubwa ya maji ni lita 20, kwa hiyo lita 480 ni ndoo 24, idadi inayoaminika kwa tangi kama hilo. Lita moja ya maji ni kilo moja, mfuko wa saruji kilo 50, mlango kama mita mbili kwenda juu. Vitu vichache vya namna hii vinatosha.

Watu wazima nao hunaswa. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani, nchini Kanada. Kabla ya safari, lita 7,682 zilizokuwa kwenye matangi zilizidishwa kwa 1.77, nayo ni idadi ya ratili katika lita moja ya mafuta hayo, lakini jibu likasomwa kuwa kilo: zaidi ya 13,500. Mafuta ya ndege ni mepesi kuliko maji. Lita 7,682 za maji zingekuwa na kilo 7,682 tu, hivyo mafuta yalipaswa kuwa chini ya hapo. Kwa kweli yalikuwa kama kilo 6,170. Marubani waliielea ndege bila injini hadi Gimli, jimboni Manitoba, na hakuna aliyekufa.

Makadirio hayakamati kila kitu. Mwanafunzi anayegeuza kilo 3 na gramu 75 kuwa kilo 3.75 atapita salama, kwani makadirio yake yalisema “kilo tatu na kitu”. Swali kama hili linataka kipande kinachobaki kikadiriwe peke yake. Robo kilo ni gramu 250, na gramu 75 haifiki hapo, basi sehemu ya desimali iwe chini ya 0.25. Aliyoandika, 0.75, ni robo tatu ya kilo. Jibu ni kilo 3.075. Na aliyeandika lita 460 badala ya 480 kwa kuteleza katika kuzidisha hatasaidiwa na ndoo wala mlango. Huyo inabidi akokotoe upya.