Linki inayokufa kwa saa yake

Kituo cha vipimo kinampelekea mgonjwa picha yake ya eksirei kwa njia ya linki. Saa sita mchana anaigusa, picha inashuka. Jioni anairudia, anakuta maandishi: `Request has expired`. Faili halijafutwa, bali muda wa linki umekwisha, na muda huo umeandikwa ndani ya linki yenyewe. Tuchukue linki ya hifadhi ya S3 ya Amazon, tukiipunguza kidogo:

```
https://vipimo.s3.amazonaws.com/eksirei.jpg
?X-Amz-Date=20250310T090000Z
&X-Amz-Expires=3600
&X-Amz-Signature=9f3c41...
```

Tarehe ni 10 Machi 2025. Herufi Z inaonyesha kwamba saa imehesabiwa kwa majira ya Greenwich, kwa hiyo 09:00 hapo ni saa sita mchana Dar es Salaam. Namba 3600 ni sekunde, yaani saa moja. Ikipita saa saba, mlango umefungwa. Muda mrefu kabisa unaokubalika ni sekunde 604800, sawa na siku 7.

Mjanja atauliza: kwa nini nisifute 3600 niandike 86400, nijipatie siku nzima? Hapo ndipo saini inapofanya kazi. Kompyuta ya kituo ina ufunguo wa siri ambao hauonekani popote kwenye linki. Inachukua jina la faili, tarehe na muda, inavichanganya na ufunguo huo kwa hesabu maalumu, na kupata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Amazon nao wana ufunguo huo. Linki ikiwafikia, wanarudia hesabu ileile kwa yale wanayoyasoma kwenye linki. Ukibadilisha tarakimu moja tu, majibu hayafanani, na unaambiwa `SignatureDoesNotMatch`. Ujumbe huo huja pia linki ikinakiliwa vibaya na herufi zikapotea njiani.

Muda hukaguliwa ombi linapofika. Ukianza kupakua video kubwa dakika moja kabla ya saa saba, itaendelea mpaka mwisho. Lakini mtandao ukikatika na simu ikaomba upya saa saba na nusu, inakataliwa. Wenye mtandao wa kusuasua wanaijua adha hii.

Kuna jambo ambalo saini hailizuii: haimtambui mtu. Linki ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, kila aliyemo anaweza kuiona eksirei hiyo mpaka saa saba. Wala hakuna kitufe cha kuifuta linki moja. Kituo kitalazimika kuliondoa faili, au kuuzima ufunguo na kuua linki zote zilizosainiwa nao. Kwa hiyo anayetuma faili la siri aweke dakika 15, si siku 7, na mpokeaji aliyechelewa aombe linki nyingine.