Milioni 480 Ambazo Hakuna Aliyezitumia

Kwa: Meneja wa Kiwanda
Kutoka: Mhasibu wa Gharama
Yah: Tofauti hasi ya kiasi cha uzalishaji, Aprili hadi Juni



Taarifa ya robo mwaka inaonyesha hasi ya shilingi milioni 480 kwenye gharama zisizobadilika. Hakuna aliyezidisha matumizi. Bajeti ilikuwa bilioni 2.4, nawe umetumia bilioni 2.37.

Hasi hiyo imetokana na tani. Tulipopanga bajeti, bilioni 2.4 tuliigawa kwa tani 60,000, kiasi ambacho kinu chetu cha klinka husaga katika robo ya kawaida, na kila tani ya saruji ikabebeshwa shilingi 40,000 za bima, uchakavu wa mitambo na mishahara ya wasimamizi. Gharama hizo hulipwa kinu kikizunguka au kikisimama. Masika yaliposimamisha ujenzi tulisaga tani 48,000 tu. Tani 12,000 zilizokosekana ziliacha mzigo wao bila mbebaji.

Lakini si zote ni za mvua, na hapa ndipo naomba uangalie zaidi. Kinu kilipangiwa saa 1,200, tani 50 kwa saa. Kilifanya kazi saa 1,000, kikatoa tani 48 kwa saa. Saa 200 zilizopotea kwa kukosa wateja ni tani 10,000, yaani milioni 400. Tani 2 zilizopungua kila saa ni tani 2,000, sawa na milioni 80, na hizi ni zetu wenyewe. Umeme kwa kila tani nao umepanda, jambo linalonifanya nishuku kwamba mipira ya chuma ndani ya kinu imelika.

Idara ya mauzo imependekeza tugawe upya gharama kwa tani 48,000, kila tani ibebe 50,000. Nimekataa. Bei ingepanda wakati wateja ni wachache, tukazidi kuwapoteza. Isitoshe, Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 hakiruhusu kupandisha mgawo wa kila tani kwa sababu uzalishaji umeshuka. Kisichobebwa hukatwa kwenye faida ya kipindi hichohicho.

Ipo njia nyingine ambayo ingefuta hasi hii kabisa: kusaga tani 60,000 na kurundika zisizouzwa. Taarifa ingependeza, ila klinka, umeme na mifuko hugharimu 90,000 kwa tani, hivyo zaidi ya bilioni moja ya fedha taslimu ingelala ghalani, kwenye saruji inayonyonya unyevu na kuganda. Uamuzi wako wa kupunguza saa ulikuwa sahihi, ingawa ndio uliozaa sehemu kubwa ya hasi.

Kabla ya kikao cha bajeti naomba daftari la zamu la kinu, pamoja na tarehe mipira ilipoongezwa mara ya mwisho.